Safu ya Mwisho

Mwenye gari mbili tatu za abiria Jomvu Kuu hahitaji kompyuta kufuatilia sevisi. Daftari la mistari latosha: ukurasa kwa kila gari, na safu zilizopigwa rula za kifaa kilichobadilishwa, tarehe, kilomita zilizosomwa siku hiyo na kilomita za sevisi ijayo. Ufundi umo katika safu hiyo ya mwisho, na ndiyo wengi huijaza vibaya.

Tuseme ni Haiesi ya dizeli, oili kila kilomita 5,000. Ilitakiwa ibadilishwe mita ikisoma 245,000, lakini abiria walikuwa wengi wiki ile, gari likaingia gereji kwa 245,800. Anayejaza kwa mazoea ataandika 250,000. Mjuzi huandika 250,800, maana oili mpya huhesabiwa tangu ilipomiminwa.

Hizo 5,000 zenyewe si amri. Gari likitoka Jomvu Kuu kwenda mjini hunaswa Changamwe kwenye foleni ya malori ya bandarini, injini ikinguruma na mita imelala. Oili yazidi kuchoka na kilomita hazisogei, kwa hiyo anayeijua njia yake hushusha hadi 4,000. Kutazama rangi kwenye kijiti hakumsaidii: oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa.

Mimi lakini hupenda zaidi kusoma safu za nyuma. Pedi za breki za mbele zimewekwa kwa 212,400, zikabadilishwa kwa 230,150, kisha tena kwa 239,300. Za kwanza zilienda kilomita 17,750, za pili 9,150 tu, njia ile ile na dereva yule yule. Mwenye daftari lisemalo “breki” basi atalaumu duka la vipuri. Aliyeandika “kushoto, pedi ya ndani imeisha, ya nje bado nene” anajua pa kumpeleka makanika: pini za kalipa ya kushoto zimeshika kutu au zimekosa grisi, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani peke yake ndiyo yafanya kazi. Rimu ya upande huo nayo itakuwa ya moto kuliko mwenziwe jioni gari likirudi. Kusafisha pini na kuzipaka grisi ya breki ni kazi ndogo. Kununua pedi nyingine bila hilo ni kutupa pesa.

Tarehe nayo ina kazi yake, hasa kwa mafuta ya breki. Haya hunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa, na hewa yetu ya pwani haina uhaba wa unyevu. Yapewe miaka miwili, kilomita zikifika au zisifike.

Na mita ikifa, usiache safu tupu. Pima njia mara moja kwa gari jingine, zidisha kwa safari za siku, andika jibu kwa penseli.