Adabu ya Barua Iliyokosea Mlango

Katika ofisi za mawakala wa forodha zilizojipanga kutoka Changamwe hadi Miritini, ambako kutwa kucha ni kupokea na kupeleka nyaraka za mizigo ya bandari ya Kilindini, hakuna kosa lililo jepesi kutendeka kuliko barua pepe kumwendea asiyekusudiwa; kwani mtambo wenyewe, kwa kutaka kumpunguzia karani kazi, humkamilishia anwani pindi aandikapo herufi mbili tatu za mwanzo, wala haujui kwamba Salim wa uhasibu si Salim mwenye duka la vipuri. Ninalotaka kulisifu hapa ni ufundi unaotakiwa baada ya kosa hilo, nao ni kumwandikia aliyeipata barua na kumwomba aifute, kwa namna itakayomfanya aifute kweli, pasi na kumtia hofu wala kumwamshia hamu ya kuisoma.

Msingi wa ufundi huu ni mmoja: aliyeipokea barua hana hatia. Amewekewa amana ambayo hakuiomba, na anayemwandikia anamwomba hisani, hamdai deni. Mtu akilisahau hilo, kila neno atakaloliandika litakwenda mrama.

Tuseme karani wa ofisi moja ya Changamwe ametuma orodha ya mishahara ya madereva, yenye majina, nambari za vitambulisho, akaunti za benki na makato ya mikopo, na badala ya kumfikia mhasibu imemwendea mteja wa Kisauni anayengoja kontena lake. Zimepita dakika ishirini ndipo mhasibu anauliza orodha iko wapi. Jambo la kwanza linalomjia karani ni kuivuta barua irudi. Lakini Gmail humpa mtumaji muda usiozidi sekunde 30 wa kughairi, na ile amri ya Outlook ya kurudisha barua haifanyi kazi nje ya mtambo wa kampuni yenyewe. Mteja wa nje huenda akapata tangazo tu kwamba fulani anataka kuirudisha barua yake, na hakuna kitu kinachomhimiza mtu kufungua bahasha kuliko kuambiwa kwamba mwenyewe anaililia. Kwa hivyo mashine imefika kikomo chake, na limebaki jambo la mtu na mtu. Karani mwenye murua ataandika barua mpya, namna hii:

*Kichwa: Barua ya leo 10:05 imekufikia kwa makosa*

*Bwana Salim, assalaam aleikum.*

*Leo asubuhi nimekutumia barua yenye kichwa «Orodha ya Julai», ambayo kwenye skrini yako itaonyesha 10:05, pamoja na kiambatisho kimoja. Haikuwa yako, nilichagua anwani isiyo sahihi, na kosa ni langu. Ndani mna habari za watu binafsi, kwa hivyo nakuomba, ukipata nafasi leo, uifute, kisha uiondoe na kwenye Trash; na ikiwa kiambatisho kimeshashuka kwenye simu au kompyuta, ukifute huko pia. Hakuna haja ya kuirudisha wala kumpelekea mtu mwingine. Ukimaliza nijibu neno moja tu, «Nimeifuta». Ukitaka yakini kwamba ni mimi, nipigie kwa nambari ya ofisi uliyo nayo. Kazi ya kontena lako inaendelea kama kawaida.*

*Ahsante sana, na uniwie radhi kwa usumbufu.*

Tazama jinsi kila sentensi ilivyopewa kazi yake. Saa imeandikwa 10:05, ingawa sisi twasema saa nne na dakika tano, kwa sababu msomaji ataitafuta barua kwa macho, na macho yake yataona kile kilichoandikwa kwenye skrini. Yaliyomo yametajwa kwa kiasi: «habari za watu binafsi» yatosha kumpa mtu sababu ya kufuta, ilhali neno «mishahara» lingempa sababu ya kufungua. Kila mahali pa kufuta pametajwa, maana katika Gmail barua iliyofutwa hukaa siku 30 ndani ya Trash kabla ya kuondoka yenyewe, na kiambatisho kilichoshuka kwenye simu hakiondoki pamoja na barua. Mtu aweza kusema kwa moyo safi kwamba amefuta, na nakala bado anayo. Aidha barua haina kiungo cha kubonyeza wala nambari mpya ya simu, kwani matapeli nao huandika kwa upole, na msomaji mwangalifu ana haki ya kushuku.

Yaliyoachwa nayo yana hekima yake. Karani hakuijibu ile barua ya kwanza kwa kuitia chini ya maneno yake, wala hakuipeleka tena iwe ushahidi, kwani hapo angezaa nakala ya pili. Hakumuuliza Bwana Salim kama ameisoma, kwa sababu swali hilo, hata likiulizwa kwa tabasamu, ni tuhuma. Hakuandika HARAKA kwa herufi kubwa, wala hakumpa nakala meneja na wakili, jambo ambalo lingeifanya hisani ionekane kama kesi.

Wako wanaopenda kuanza na sheria, na sheria ipo: ile ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni inamhesabu kuwa mkosaji anayeficha au kuzuia kwa makusudi ujumbe uliomfikia kwa makosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini Bwana Salim hajaficha kitu. Ukimtisha, atakwenda kwa wakili, na wakili huenda akamshauri aihifadhi barua ile ile iwe kinga yake. Nawe utakuwa umeilinda nakala uliyotaka iangamie.

Ufundi huu una mpaka wake, na fundi hodari anaujua. «Nimeifuta» ni kauli ya mtu, na hakuna njia ya kuipima kutoka Changamwe. Ikiwa jioni imefika bila jibu, simu moja ya heshima ni bora kuliko barua tatu, kwani huenda barua ya pili haijaonwa. Ikiwa atasema kwamba amekwisha kumpelekea mwanawe amfungulie, basi muulize kwa upole ni kwa njia gani, umwombe azungumze naye yeye mwenyewe, wala usimkaripie kwa kusema kweli. Fauka ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye dhamana ya habari za watu, pakiwa na hatari ya kweli ya wao kudhurika, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipotambua, na wenyewe wajulishwe. Upole wa barua haumwondolei karani wajibu wa kumwambia mkuu wake siku hiyo hiyo. Barua na jibu lake huwekwa pamoja, ili ofisi ipime hatari kwa yale yaliyotendeka.

Ndiyo maana naiita adabu hii ufundi, wala si maneno matamu. Dereva aliye njiani kuelekea Malaba hajui kwamba nambari ya akaunti yake imelala katika simu ya mtu wa Kisauni, na hana la kufanya. Sitara yake iko mikononi mwa watu wawili wasiomjua, mmoja anayeomba na mmoja anayeombwa, na ukali wa mwombaji ukimuudhi mwombwa, atakayelipa ni dereva. Basi mwenye kuandika aipime kila sentensi kwa swali moja: je, itamfanya Bwana Salim afute, au itamfanya afungue? Ile isiyomsaidia kufuta aiondoe, hata kama inamridhisha yeye mwenyewe.