Nani Amesema Zibomolewe?

Mliokuwa ukumbini Jumamosi ile, katika kikao cha kusahihisha mtihani wa pamoja wa shule zetu za Eastlands, mnajua nitakapoanzia. Swali la ufupisho, sehemu ya (a). Jibu la mfano lilipoandikwa ubaoni, lilimalizika kwa kauli kwamba serikali ya kaunti inafaa kubomoa nyongeza za nyumba za Buruburu. Kauli hiyo ikapewa alama nzima kwenye mwongozo. Nilisema palepale kwamba ni kosa, na leo naeleza kwa nini, maana ukumbini muda ulitubana.

Nirudie kifungu chenyewe, kwa kuwa hoja zote zimo ndani yake:

"Nyumba za Buruburu zilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, kila moja kwa ajili ya familia moja. Baadhi ya wenye nyumba sasa wameongeza vyumba vya kupangisha uani na mbele ya nyumba. Nyongeza hizo zimewapa wastaafu kipato na kuwapatia vijana makao ya bei nafuu. Hata hivyo, mabomba ya majitaka hayajaongezwa. Bomba lililokusudiwa familia moja sasa linahudumia nne au tano. Huenda hii ndiyo sababu majitaka hufurika katika baadhi ya vichochoro vya mtaa huo, hasa msimu wa mvua."

Mtahiniwa aliambiwa afupishe kwa maneno 30 hadi 35, alama sita, moja ikiwa ya utiririko. Na hili ndilo jibu lililopendekezwa na mwongozo:

"Baadhi ya wenye nyumba Buruburu wameongeza vyumba vya kupangisha vinavyowapa wastaafu kipato na vijana makao nafuu. Hata hivyo, mabomba ya majitaka hayajaongezwa, hivyo majitaka hufurika. Serikali ya kaunti inafaa kubomoa nyongeza hizo."

Sentensi ya kwanza ni safi kabisa: imehifadhi "baadhi", imekusanya faida mbili katika kishazi kimoja, na imeacha tarehe za ujenzi ambazo si hoja. Aliyeitunga anaijua kazi.

Sasa twende kwenye sentensi ya mwisho. Kauli iliyopewa alama ina madai matatu ndani yake. La kwanza, kwamba kuna mtu anayepaswa kuchukua hatua. La pili, kwamba mtu huyo ni serikali ya kaunti. La tatu, kwamba hatua yenyewe ni kubomoa. Kifungu hakina hata moja kati ya hayo. Hakitaji kaunti. Hakimlaumu mtu yeyote. Na ukisoma tena utaona kwamba kitu ambacho mwandishi anasema hakijafanyika ni kuongeza mabomba. Kama kweli ungemlazimisha atoe suluhisho, ni rahisi zaidi kuamini angesema mabomba yapanuliwe kuliko vyumba viangushwe, maana ameshakiri kwamba vyumba hivyo vinawasaidia wastaafu na vijana. Kwa hiyo muhtasari huu umefanya zaidi ya kuongeza wazo geni: umeligeuza lengo la kifungu. Kilikuwa kinahusu miundombinu iliyobaki nyuma ya idadi ya watu. Sasa kinahusu nyumba haramu.

Mwalimu mmoja aliyeketi safu ya nyuma aliuliza swali lililonifurahisha: "Samahani mwalimu, hiyo ya kubomoa imetoka sentensi ya ngapi?" Akajibiwa, "Inaeleweka tu, mwalimu." Kikao kikaendelea na sehemu ya (b).

Haieleweki tu. Kuna tofauti kubwa kati ya jambo linalofuata kutokana na maneno ya mwandishi na jambo linaloweza kusemwa na mtu yeyote aliyekwisha kuyasoma maneno hayo. Kwamba watumiaji wa bomba wameongezeka, hilo linafuata: familia moja imekuwa nne au tano. Ukiandika "watumiaji wa mabomba wameongezeka" hujaongeza kitu, hata kama mwandishi hakutumia maneno hayo. Lakini kubomoa ni maoni ya msomaji. Msomaji mwingine angesema kodi ipandishwe, mwingine angesema kila nyongeza ilipiwe leseni, na wote watatu wangekuwa wamesoma kifungu kilekile. Jambo linapoweza kuelekea pande tatu bila kifungu kusema ni upi, ujue halimo.

Ninachowafunza vijana wangu ni hiki. Ukimaliza nakala safi, chukua kila kauli uliyoandika na uweke kidole kwenye sentensi ya kifungu iliyoizaa. Kidole kikikosa pa kukaa, futa. Jaribuni kwa jibu la ubaoni. "Wameongeza vyumba vya kupangisha": sentensi ya pili. "Kipato" na "makao nafuu": ya tatu. "Hayajaongezwa": ya nne. "Kubomoa": kidole kinaelea hewani.

Na hasara haikuishia hapo. Hesabuni maneno. Jibu la mfano lina maneno 32, na kauli ya kubomoa imekula saba kati ya hayo. Tazameni kilichoachwa nje: bomba lililokusudiwa familia moja. Hilo ndilo jambo linaloeleza kwa nini kutoongezwa kwa mabomba ni tatizo. Bila hilo, msomaji wa muhtasari anaambiwa mabomba hayajaongezwa na majitaka yanafurika, lakini hajui mambo hayo mawili yanaunganishwa na nini. Katika ufupisho wa maneno machache, wazo geni haliingii peke yake. Linafukuza wazo la mwenyewe. Mtahiniwa akiniambia alikosa nafasi ya kutaja hoja ya nne, huwa naanza kutafuta alichokiongeza, na mara nyingi nakipata.

Kuna kosa la pili, dogo kwa umbo. Mwandishi amesema "huenda hii ndiyo sababu". Mwongozo umesema "hivyo majitaka hufurika". Neno moja limeondolewa na dhana imekuwa hukumu. Vilevile "katika baadhi ya vichochoro" imetoweka, na sasa mtaa mzima unafurika. Hapa hakuna wazo jipya lililoandikwa, ila madai yamekuwa makubwa kuliko ya mwandishi, na hiyo nayo ni nyongeza. Wanafunzi hukata maneno kama huenda, baadhi na mara nyingine kwa kuwa wamefundishwa kwamba ni mapambo. Si mapambo. Ndiyo mipaka ya anachodai mwandishi.

Wenzangu wazee watakumbuka tulivyojifunza kazi hii kabla ya vijitabu vya majibu kujaa kwenye maduka ya fotokopi. Tuliisikiliza redioni. Taarifa ya habari ilifunguliwa kwa muhtasari, kisha habari zenyewe zikafuata, na msikilizaji aliweza kupima moja kwa moja kama muhtasari ulisema kweli. Marehemu Ken Walibora, aliyesoma habari KBC na baadaye NTV kabla ya kufariki mwaka 2020, alikuwa mfano wangu darasani. Kama ni polisi waliosema, alisema ni polisi waliosema. Hakuongezea kwamba jambo hilo linasikitisha, wala nani achukuliwe hatua. Leo mwanafunzi anasikia vichwa vya habari vilivyojaa maoni ya msomaji wa habari, kisha tunashangaa akiandika vivyo hivyo.

Nimesikia pia ile lawama ya kawaida: kwamba watoto wa Eastlands hawawezi ufupisho kwa sababu ya Sheng. Nimeichoka. Mtahiniwa aliyeandika "kubomoa" alikielewa kifungu neno kwa neno. Tatizo lilianzia kwingine, na nadhani ni kwenye insha. Katika karatasi ya kwanza tunamzoesha mtahiniwa kwamba akitaja tatizo la jamii lazima atoe suluhisho, na akilitaja bila suluhisho tunamwona hajakamilisha. Kisha anaingia karatasi ya pili na mkono uleule. Hakuna aliyemwambia kwamba alama 15 za ufupisho zina sheria tofauti na zile 15 za ufahamu zilizo ukurasa wa nyuma yake, ambako swali linaweza kabisa kumtaka atoe maoni yake.

Tena kifungu hiki kilikuwa mtego mkali kwa watoto wetu hasa. Mtoto wa Buruburu, Umoja au Kayole anavuka maji hayo akienda shule. Mei 2020 nyumba zilizokuwa karibu na kituo cha majitaka cha Kariobangi zilibomolewa, na wengi wa watahiniwa wetu walikuwa watoto wakati ule, wenye jamaa au majirani waliohamishwa. Kwao majitaka na tingatinga ni mambo yanayokwenda pamoja. Kadiri mada inavyokuwa karibu na mlango wa mtahiniwa, ndivyo anavyojaza kifungu kwa anayoyajua yeye. Ndiyo sababu mwongozo ulipaswa kuwa mkali zaidi hapa, na badala yake ukamlipa aliyejaza.

Walioumia ni wale waliofanya kazi sawasawa. Nilisahihisha karatasi ya msichana aliyeandika hivi, nimerekebisha hijai tu:

"Baadhi ya wenye nyumba Buruburu wameongeza vyumba vya kupangisha, vinavyowapa wastaafu kipato na vijana makao nafuu. Mabomba ya majitaka yaliyokusudiwa familia moja hayajaongezwa, na huenda ndiyo maana majitaka hufurika katika baadhi ya vichochoro."

Maneno 33. Hoja zote tano zimo: nyongeza, faida, mabomba ya familia moja, kutoongezwa kwake, na mafuriko yanayodhaniwa kusababishwa nako. Kila kauli ina pa kuwekea kidole. Kwa mwongozo ule alipata alama nne kati ya sita: moja alinyimwa kwa kukosa "hatua", na nyingine ikakatwa kwa kuwa "huenda" ilihesabiwa kuwa kutokuwa na hakika. Aliyeweka tingatinga alipata sita.

Kwa hiyo naiomba kamati ya mtihani huu mambo mawili kabla karatasi hazijarudishwa mashuleni. Alama ya "kubomoa" ifutwe, na nafasi yake ichukuliwe na hoja ya bomba la familia moja. Na waliohifadhi "huenda" warudishiwe alama walizokatwa.

Ikiwa karatasi zimeshakufikia, mwalimu mwenzangu, usingoje kamati. Toa kalamu yako na urekebishe mwenyewe.