Hisa Mia na Ishirini

Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya 2017, inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia kumi na sita katika kampuni za uchimbaji mkubwa na wa kati, na hisa hizo hazipungui hata mtaji ukiongezwa. Ndiyo maana hapa Dodoma, ziliko Wizara ya Madini na Tume ya Madini, 16 ni namba inayotajwa kila siku. Katika Twiga Minerals Serikali ina asilimia 16 na Barrick ina 84. Jumla ni 100, hakuna kinachobaki.

Naipenda kazi ya kuhakiki vifungu vya mikataba vinavyotaja hisa kwa maneno na kwa tarakimu, na huanza kwa kuziba tarakimu kwa karatasi. Nasoma maneno peke yake, naandika pembeni namba ninayoisikia, kisha nafunua. Jicho lililokwisha kuona 16% litasoma "kumi na sita" hata pale palipoandikwa "sitini".

Tuseme wakulima wa zabibu wanaunda kampuni yenye hisa 12,000, na kifungu kinasema: mwanahisa wa kwanza nusu (50%), wa pili theluthi moja (33%), wa tatu sudusi (16%). Ukikisoma harakaharaka, kimetulia. Lakini badili kila sehemu iwe idadi ya hisa. Kwa maneno, wa kwanza ana 6,000, wa pili 4,000, wa tatu 2,000, na hisa zote zimeisha. Kwa tarakimu, wa kwanza ana zilezile 6,000, ila wa pili ana 3,960 na wa tatu 1,920. Hisa 120 hazina mwenyewe.

Chanzo ni kukata desimali. Theluthi ni asilimia 33 na theluthi ya asilimia. Sudusi ni 16 na theluthi mbili. Ukiandika 33.33% na 16.67%, jumla inarudi 100, lakini wa pili bado anapungukiwa sehemu ndogo ya hisa moja. Kwa hiyo napendelea kifungu kitaje idadi kamili ya hisa, asilimia ifuate kama maelezo tu.

Nachunguza pia neno dogo "ya". "Robo tatu ya kura" ni 75%, kiwango cha azimio maalumu la wanahisa. "Robo ya tatu" ni robo moja tu, ile inayofuata ya pili. Herufi mbili zinahamisha nusu nzima ya kura, na kompyuta haitaweka mstari mwekundu, kwa kuwa yote mawili ni Kiswahili safi.

Kwenye hundi, maneno na tarakimu zikigongana, maneno ndiyo yanayofuatwa. Kwenye mkataba wa hisa sitegemei kanuni hiyo, wala sirekebishi mwenyewe. Pengine wa tatu alikubali asilimia 16 kweli, na aliyeandika "sudusi" ndiye aliyeteleza. Naandika swali pembeni, lenye idadi zote mbili za hisa, na kuurudisha mkataba kwa wanahisa wenyewe kabla hawajatia saini.