Wastani Usio Wastani: Juu ya Matumizi ya Logi katika Vipimo vya Usomaji

Wachunguzi wa lugha wapimao muda wa kusoma sentensi hukutana daima na tabia moja ya vipimo hivyo: wasomaji walio wengi humaliza upesi, na wachache hukawia mno, hata hesabu yote ikaelemea upande mmoja. Dawa iliyozoeleka ni kugeuza kila muda kuwa logi yake, kufanya makadirio katika logi hizo, kisha kuyarudisha matokeo katika sekunde. Safari ya kwenda haina lawama kubwa. Lawama i katika safari ya kurudi, kwa kuwa namba irudiyo huitwa wastani, na jina hilo si lake.

Mfano mdogo uliotungwa utatosha kulidhihirisha jambo hili. Wasomaji watano wamesoma sentensi moja kwa sekunde 1, 2, 4, 8 na 16. Logi za namba hizo, kwa kizio cha 2, ni 0, 1, 2, 3 na 4, na wastani wa logi ni 2. Ukirudishwa katika sekunde, 2 kwa kipeo cha 2 ni 4. Lakini jumla ya sekunde zenyewe ni 31, na wastani wake wa kweli ni 6.2. Atakayewatengea wasomaji hao muda kwa kuzidisha 4 kwa 5 atapata sekunde 20, naye atapungukiwa na 11, yaani zaidi ya theluthi moja.

Sababu yake si kosa la kuhesabu. Kugeuza kuwa logi hakubadili mpangilio wa namba: iliyokuwa katikati hubaki katikati, kwenda na kurudi. Wastani hauna tabia hiyo, kwa maana logi huzibana namba kubwa kuliko ndogo, na kipimo cha 16 hupoteza uzito wake. Kwa hiyo makadirio yarudishwayo, ikiwa logi zimetawanyika sawasawa pande zote mbili, hueleza msomaji wa katikati. Anayetaka kumjua msomaji huyo hana haja ya kusahihisha neno, ila abadili jina tu. Anayetaka jumla ya muda, au wastani hasa, hana budi kusahihisha.

Masahihisho yajulikanayo zaidi ni mawili. La kwanza hudhani kwamba logi zafuata mgawanyo wa kawaida, wenye umbo la kengele. Huchukuliwa logi asilia, hutafutwa variansi yake, yaani kipimo cha mtawanyiko wake, kisha makadirio huzidishwa kwa e iliyopandishwa kwa nusu ya variansi hiyo. Katika mfano huu variansi ni 1.2, kizidisho ni 1.82, na jibu ni sekunde 7.3. Limepita kiasi, maana vipimo vitano ni vichache mno kwa dhana hiyo. La pili lilielezwa na Naihua Duan mwaka 1983, nalo halihitaji umbo la kengele. Kila baki, yaani tofauti ya logi na makadirio yake, hurudishwa pekee: hapa hupatikana robo, nusu, 1, 2 na 4. Wastani wa hizo ni 1.55, na 4 mara 1.55 ni 6.2 barabara.

Hata hivyo dawa hii nayo ina mpaka wake, na hapa ndipo hoja nyingi zianguka. Na liwepo kundi la pili la wasomaji watano, kila mmoja akisoma kwa sekunde 4. Katika logi makundi haya mawili ni sawa kabisa, na mwandishi ataandika kwamba hakuna tofauti. Lakini jumla ya la kwanza ni 31, na ya la pili ni 20. Kizidisho kimoja kwa wote, yaani 1.275, hutoa wastani wa 5.1 kila upande: humpunja wa kwanza na kumzidishia wa pili. Mtawanyiko ukitofautiana baina ya makundi, kila kundi lahitaji kizidisho chake. Au sivyo iachwe njia ya kugeuza vipimo, litumike kadirio ambalo logi huwekwa juu ya wastani wenyewe, si juu ya kila kipimo.

Namna ya kulitambua kosa ni nyepesi. Jumla ya makadirio yaliyorudishwa na ilinganishwe na jumla ya vipimo vyenyewe, kundi kwa kundi. Ikiwa ya kwanza yapungua kila mahali, kilichoandikwa katika jedwali si wastani, nacho kisiitwe hivyo.