Benchi Lililovunja Kanuni: Uchambuzi wa Safari za Wakati katika Endgame

Filamu ya Avengers: Endgame, iliyotoka mwaka 2019 chini ya uongozaji wa ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, iliheshimu kanuni zake za kusafiri katika wakati kwa karibu saa tatu, kisha ikazitupa katika dakika zake za mwisho kwa sababu ya benchi moja. Steve Rogers alitumwa kuyarudisha mawe sita kule yalikotolewa, na kwa hesabu ya Banner alipaswa kutokea tena juu ya jukwaa la mtambo baada ya sekunde tano. Sekunde hizo zikapita, jukwaa likabaki tupu, na mara akaonekana hatua chache kutoka hapo, ameketi kando ya ziwa, mzee mwenye mvi na pete ya ndoa kidoleni. Uamuzi wa kumweka mzee huyo benchini badala ya jukwaani ni kosa la kiufundi, na wingi wa machozi yaliyomwagika katika kumbi za sinema haulipunguzi.

Ili uzito wa kosa hilo uonekane, ni lazima kukumbuka kanuni yenyewe. Rhodey anapopendekeza Thanos auawe akiwa bado mtoto mchanga, Banner anamjibu kwamba mtu akienda katika wakati uliopita, huko alikokwenda ndiko kunakuwa wakati wake ujao, na sasa aliyoiacha inakuwa wakati wake uliopita, ambao hauwezi tena kubadilishwa na lolote atakalolifanya. Huo ndio mfumo wa matawi: kila badiliko linalofanywa katika wakati uliopita huzaa mkondo mpya wa wakati unaotengana na ule wa awali, na ule wa awali hubaki kama ulivyo. Faida ya mfumo huu ni kwamba unaumaliza ule ukinzani maarufu wa babu, yaani hoja kwamba mtu akirudi nyuma na kumuua babu yake kabla hajazaa, muuaji hatazaliwa, na asipozaliwa hakuna wa kumuua babu. Katika mfumo wa matawi muuaji amemuua babu wa mkondo mwingine, na babu yake mwenyewe hajaguswa. Tony Stark hata anamtaja Deutsch, na jina hilo halikuchaguliwa ovyo, kwa sababu mwanafizikia David Deutsch ndiye aliyetumia wazo la dunia nyingi kuutatua ukinzani huo katika maandishi yake ya mwaka 1991.

Kanuni hiyo ilitumika vizuri pale Nebula wa 2023 alipomuua Nebula wa 2014 bila yeye mwenyewe kutoweka.

Sasa turudi benchini, kwa kuwa hapo ndipo penye mjadala. Msafiri anayetoka katika tawi na kurudi katika mkondo mkuu hurudi kwa njia moja tu ambayo filamu imeionyesha, yaani kupitia mtambo, akiwa na vazi lake na kifaa cha mkononi, na hutokea juu ya jukwaa. Hivyo ndivyo walivyorudi wengi wa waliokwenda kuyachukua mawe. Mzee wa benchini hana vazi hilo, hakutokea jukwaani, na Banner, aliyekuwa akibonyeza vitufe kwa kihoro, hakuona dalili yoyote ya kuwasili kwake. Jinsi picha ilivyopangwa, kamera ikimfuata Bucky anayegeuka na kumwona mtu aliyeketi kwa utulivu kana kwamba amesubiri muda mrefu, inamwelekeza mtazamaji kwenye maana moja tu: kwamba Steve alirudi katika miaka iliyopita ya mkondo huuhuu, akamwoa Peggy, akaishi miaka yote kimyakimya, na siku ilipowadia akatembea hadi ziwani.

Maana hiyo si ya mfumo wa matawi bali ya mzunguko funge, ambao ni mfumo wa kinyume kabisa. Katika mzunguko funge kuna mkondo mmoja tu, na msafiri habadilishi chochote kwa sababu safari yake ilikuwa sehemu ya historia tangu mwanzo. Alichokwenda kukifanya kilikwisha kufanyika kabla hajaondoka. Mwanafizikia Mrusi Igor Novikov aliliweka wazo hilo katika kanuni ya ulinganifu, inayosema kwamba tukio ambalo lingeleta ukinzani haliwezi kutokea kabisa. Ukinzani wa babu hutatuliwa hapa kwa ukali zaidi: mjukuu atajaribu, lakini bunduki itakwama, au atamlenga mtu asiye babu yake, au jaribio lenyewe litakuwa ndilo sababu ya babu kukutana na bibi. Mifumo hii miwili haiwezi kukaa katika filamu moja bila maelezo, kama ambavyo mchezaji wa bao hawezi kuzibadili sheria wakati kete zake ziko hewani.

Tuseme hata hivyo kwamba benchi linasema kweli, na tuone gharama yake. Katika Captain America: The Winter Soldier ya mwaka 2014, Peggy anasema katika ukanda wa zamani ulioonyeshwa makumbusho kwamba miongoni mwa wanajeshi aliowaokoa Steve alikuwamo mtu ambaye baadaye alikuja kuwa mume wake. Ikiwa mume ni Steve mwenyewe, basi ushuhuda huo ni uongo uliotungwa, na hakuna filamu iliyowahi kudokeza hivyo. Gharama kubwa zaidi ni ya kimaadili. Katika mkondo mkuu, Steve mmoja amelala barafuni hadi mwaka 2011, na Bucky yumo mikononi mwa Hydra akiteswa na kutumwa kuua watu, wakiwamo wazazi wa Tony Stark, waliouawa Desemba 1991. Steve wa pili, mwenye ujuzi wote wa mambo hayo, angekuwa amekaa nyumbani na mkewe, ambaye ni mmoja wa waasisi wa S.H.I.E.L.D., bila kumwonya hata juu ya Hydra iliyojipenyeza ndani ya chombo chake. Mzunguko funge unaruhusu jambo hilo, lakini unamdai mwandishi alionyeshe: mhusika ajaribu na ashindwe, au ajue kwamba hawezi na avunjike moyo. Endgame haikulipa deni hilo hata kwa sentensi moja.

Kuna pia ngao. Mzee anampa Sam ngao nzima, ilhali ngao ya Steve ilikatwakatwa na upanga wa Thanos katika vita vya 2023, na katika filamu ya kwanza ya Captain America Howard Stark alieleza kwamba madini ya vibranium yaliyotengenezea ngao ile ndiyo yote yaliyokuwapo mikononi mwao. Katika mkondo mkuu ngao ile ilikuwa barafuni pamoja na mwenyewe. Ngao nzima basi, kwa maelezo yaliyo rahisi kuliko mengine, imetoka katika tawi. Matokeo yake ni kwamba ndani ya tukio moja benchi linashuhudia mzunguko funge na ngao inashuhudia matawi, na mashahidi hao wawili wamewekwa umbali wa mkono mmoja.

Waundaji wenyewe hawakukubaliana. Baada ya filamu kutoka, ndugu Russo walieleza kwamba Steve aliishi katika tawi kisha akavuka kurudi, huku waandishi wa mswada, Christopher Markus na Stephen McFeely, wakishikilia kwamba aliishi katika mkondo mkuu na kwamba yeye ndiye mume wa Peggy tangu awali. Hoja ya waandishi inategemea maneno ya yule Mkongwe wa New York mwaka 2012, aliyemchorea Banner mstari wa mwanga na kuonyesha kwamba tawi huchipuka jiwe linapoondolewa. Kwa hiyo, wanasema, asiyeondoa jiwe hazai tawi. Hoja hiyo inaangushwa na filamu yao wenyewe. Thanos wa 2014 alitoka katika wakati wake pamoja na jeshi lake lote, akafa mwaka 2023, na kulirudisha jiwe hakukumrudisha yeye. Huko alikotoka ni mahali ambapo Thanos hayupo tena, wakati mkondo mkuu unakumbuka vizuri alivyofuta nusu ya viumbe mwaka 2018. Tawi hilo lipo, jiwe liwe limerudi au halijarudi. Zaidi ya hayo, desturi hii ya kumalizia mswada katika mahojiano na waandishi wa habari imekuwa ugonjwa wa studio kubwa: jambo lisilo kwenye pazia halimo kwenye filamu. Mfululizo wa Loki wa mwaka 2021 ulikuja na mahakama yake ya wakati kueleza kwamba waliyoyafanya Avengers yalikuwa yamekusudiwa, ambalo ni jibu la karani wala si la mtunzi.

Wazee waliutumia mzunguko funge kwa fedha kidogo na nidhamu nyingi. Katika La Jetée ya Chris Marker, ya mwaka 1962, filamu ya dakika 28 iliyojengwa karibu yote kwa picha mnato, mtoto anamwona mtu akifa uwanja wa ndege, na mwishoni mtu yule ni yeye mwenyewe aliyerudi akiwa mtu mzima. Terry Gilliam aliupanua mzunguko huo katika 12 Monkeys ya mwaka 1995, na ubora wake uko katika jambo ambalo wengi hulipita: Cole hakutumwa kuzuia gonjwa. Wanasayansi wa baadaye wanajua kwamba yaliyopita hayabadiliki, kwa hiyo wanamtuma kutafuta habari za virusi kabla havijabadilika ili wao, huko waliko, wapate tiba. Kanuni imekuwa kazi ya mhusika, na msiba unazaliwa pale Cole anapoisahau na kukimbia na bastola kujaribu kuzuia kisichozuilika, mbele ya macho ya mtoto ambaye ndiye yeye.

The Terminator ya James Cameron, ya mwaka 1984, ilikuwa na mzunguko ulio safi vilevile, kwani Kyle Reese anatumwa na John Connor na ndiye anayekuja kuwa baba wa John. Ilipofika ile ya pili mwaka 1991, mabaki ya roboti ya kwanza yakawa ndiyo chanzo cha ujuzi uliounda Skynet, yaani ukinzani wa asili, ambapo ujuzi unazunguka bila kuwa na mtu aliyeubuni. Na filamu hiyohiyo, baada ya kuujenga mzunguko mgumu namna hiyo, ikautia katika chuma kilichoyeyushwa na kudai kwamba kesho iko huru. Ni filamu nzuri ya mapigano. Kwa upande wa kanuni ilifungua mlango ambao tangu hapo hakuna mwendelezo wake ulioweza kuufunga, na benchi la Endgame limepita mlangoni humohumo.

Tiba ya benchi ilikuwa ndogo. Banner ahesabu hadi tano, mtambo uwake, na Steve atokee jukwaani akiwa mzee, vazi la safari likimpwaya mwilini, pete kidoleni na ngao ya mkondo mwingine mkononi. Sekunde tano kwa Sam na Bucky, miaka mingi kwake. Matawi yangebaki matawi, Peggy wa mkondo mkuu angebaki na mume wake, ngao ingepata asili, na Bucky wa tawi lile huenda angeokolewa mapema. Kingepotea kitu kimoja tu, ile picha ya mgongo wa mzee mbele ya maji, nayo ndiyo iliyopendwa na chumba cha uhariri kuliko kanuni.