Wati 1,000 na Safari Yake Hadi Kwenye Soketi

Nyuma ya kila paneli ya sola kuna kibandiko chenye idadi ya wati. Idadi hiyo hupimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Fundi mmoja wa Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, hukisoma kibandiko hicho kwa makini, hunakili kila tarakimu kwenye daftari lake, kisha huanza kupunguza. Mteja wake siku niliyofuatana naye ni mama mwenye duka la maziwa. Amenunua paneli nne za wati 250, na anataka kujua friji yake itapata yuniti ngapi kwa siku.

Mstari wa kwanza wa daftari ni mwepesi. Wati 1,000 mara saa 5 za jua kamili, kiasi anachokitegemea fundi katika eneo hili, ni yuniti 5. Kila mstari unaofuata ana deni la kuuthibitisha, na hataki kuazima nambari ya mtu mwingine ikiwa anaweza kupima mwenyewe.

Anaanza na vumbi. Paneli za mama bado zimo kwenye boksi, kwa hiyo anaomba ruhusa kwa jirani aliyefunga zake mbili juu ya paa kando ya barabara ileile ya maramu. Ni kiangazi cha Januari na vioo vimekuwa vyekundu. Anafunika paneli kwa gunia, anazitenga na mtambo, anaunganisha ncha mbili za kila moja, kisha anaondoa gunia na kuzungushia waya mita ya kubana. Zote mbili zinasoma ampea 6.9. Anaosha moja tu kwa maji na kitambaa laini, anaiacha ikauke, anapima tena. Wingu jembamba limepita na usomaji umeshuka: iliyooshwa 6.6, yenye vumbi 6.3. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliiacha ya pili bila kuigusa. Jua la Kisii halitulii hata robo saa, na angelinganisha paneli moja na usomaji wake wa mwanzo, angedhani kuosha kumeiharibu. Akizilinganisha mbili kwa dakika ileile, anaona vumbi linakula karibu asilimia 5. Mvua za huku hunyesha karibu mwaka mzima na kuosha vioo, mradi paneli ziwe na mteremko wa kutosha maji yasituame, kwa hiyo wastani wa mwaka anauandika asilimia 3. Huko Tabaka, penye machimbo ya mawe ya sabuni, vumbi jeupe la wachongaji lingemfanya aandike zaidi.

Akiwa bado juu ya paa la jirani, anaelekeza kipimajoto cha miale mgongoni mwa paneli. Nyuzi 58. Zimelazwa karibu kugusa mabati, na hewa haina pa kupita. Paneli za aina hii hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25, yaani asilimia 13 saa sita mchana. Kwa mama anakata reli na vishikizo vya kuziinua paneli juu ya mabati, upana wa kiganja. Zilipofungwa, saa sita ileile, kipimajoto kilisoma 48. Hapo ni asilimia 9, na kwa kuwa asubuhi na jioni huwa baridi, anaandika 7 kwa siku nzima. Nyanda hizi za juu zimempa hewa ya baridi ambayo fundi wa Garissa hana.

Kabla ya kuzifunga, anazipanga chini kwenye nyasi, zote zikielekea upande mmoja, na kupima mkondo wa kila moja: 8.3, 8.0, 8.2, 8.1. Zimetoka boksi moja na bado hazifanani. Zitafungwa mbili mbili mfululizo, na katika mfululizo paneli dhaifu ndiyo huamua mkondo wa wenzake. Anaandika kwa chaki, kisha anaoanisha 8.3 na 8.2, halafu 8.1 na 8.0. Dakika chache tu, bila gharama. Anatenga asilimia 2 kwa tofauti zitakazobaki.

Sasa waya. Mama alitaka betri ziwe dukani karibu na kaunta, mita 25 kutoka paneli. Fundi anapiga hesabu mbele yake. Shaba ya milimita mraba 6 ina ukinzani wa omu 0.0031 kwa mita, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 50. Kwa ampea 16.4 zinapotea volti 2.5 kati ya 61, yaani asilimia 4. Namuuliza kwa nini asifunge zote nne mfululizo ili mkondo upungue nusu. Ananionyesha maandishi kwenye kidhibiti chaji: mwisho volti 150. Paneli nne zisizobebeshwa mzigo hufikia 150 zikiwa na nyuzi 25, na alfajiri ya baridi ya Nyamira huzipandisha zaidi. Kidhibiti kingeungua siku ya kwanza ya ukungu uliofuatwa na jua.

“Mama, tukiweka betri kwenye stoo ile iliyo chini ya paneli, waya ni mita kumi,” anamwambia.

“Sawa fundi, lakini viazi vyangu vitakaa wapi?”

Viazi vilihamishwa. Upotevu ukashuka chini ya asilimia 2.

Kidhibiti kinachukua 3, betri ya lithiamu 5, inveta 8 inapogeuza umeme. Hizi anazitoa kwenye karatasi za watengenezaji, akiziongeza kidogo. Lakini kwa inveta anasimama. Mama alikuwa ameonyeshwa ya wati 3,000 yenye punguzo la bei. Fundi anaiwasha bila mzigo wowote na kupima: inanywa wati 30 yenyewe. Friji haiwezi kuzimwa usiku, kwa hiyo ni saa 24, karibu robo tatu ya yuniti kila siku kabla maziwa hayajapoa. Ya wati 1,000 inanywa 10. Kishindo cha friji inapowaka alikipima pia, na hii ndogo ilikimudu.

Kisha anazidisha. Hajumlishi, kwa sababu kila hasara hukata kile kilichobakizwa na iliyotangulia: 5 × 0.97 × 0.93 × 0.98 × 0.98 × 0.97 × 0.95 × 0.92. Yanabaki 3.67. Anatoa 0.24 za inveta kujiendesha, na chini ya ukurasa anaandika yuniti 3.4.

Baada ya wiki mita ya kwenye inveta ilionyesha wastani wa 3.0. Hakusingizia mawingu. Saa sita mchana kila kitu kilikuwa sawa na daftari. Saa kumi volti zilikuwa nzuri, lakini jozi moja ilitoa nusu ya mkondo wa mwenzake. Alipanda ngazi na kuona kivuli cha mgrevilea kimepita juu ya kona ya paneli moja, kipana kama sahani. Mama akaruhusu tawi likatwe. Fundi akaandika tarehe, akaacha nafasi ya usomaji wa wiki inayofuata.