Antibaiotiki, Kiuavijasumu au Dawa ya Kuua Bakteria? Uteuzi wa Istilahi kwa Kigezo cha Kosa la Msomaji

Ikisiri

Dhana ya kitaalamu isiyo na neno moja lililokubalika katika Kiswahili huwasilishwa kwa njia tatu: kutohoa neno la kigeni, kuunda neno jipya, au kutoa maelezo mafupi. Mjadala wa wanaistilahi umezoea kuzipanga njia hizi kwa daraja, aghalabu kwa vigezo vya ufupi na asili ya neno. Makala hii inahakiki mazoea hayo kwa kuchunguza istilahi za dawa zinazotibu maambukizi ya bakteria. Inadai kwamba katika matini za afya swali la kwanza linapaswa kuwa hili: msomaji akilielewa neno vibaya, atatenda nini? Kwa kigezo hicho, neno lililoundwa kwa ufundi linaweza kushindwa pale ambapo maelezo marefu yanafaulu.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha leo, kundi la dawa linalojumuisha penisilini, amoksilini na doksisiklini lina majina matatu yanayoshindana. Wauguzi na wauzaji wa dawa wengi husema antibaiotiki. Vyombo vya habari na kazi za kamusi hupendelea kiuavijasumu, wingi viuavijasumu. Vipeperushi vya afya, hasa vinavyolenga wasomaji wa kawaida, mara nyingi huandika dawa ya kuua bakteria. Mtu anaweza kukutana na majina yote matatu kwa siku moja asijue kwamba yanataja kitu kimoja.

Hali hii kwa kawaida huelezwa kuwa ni tatizo la usanifishaji: chombo chenye mamlaka kichague neno moja, wengine walifuate. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaruka hatua. Kabla ya kuchagua, ni lazima ijulikane neno linatakiwa kufanya kazi gani. Istilahi ya dawa haiishii kwenye kitabu. Humfikia mama mwenye mtoto anayekohoa, naye huitumia kuamua kama aende dukani, aende zahanati au asubiri.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Novemba 2015, ambao ulihusisha nchi 12, ulionyesha kwamba asilimia 64 ya waliohojiwa waliamini dawa hizi hutibu mafua, na asilimia 76 waliamini kwamba usugu hutokea pale mwili wa mgonjwa unapoizoea dawa. Imani zote mbili si sahihi. Mafua husababishwa na virusi, ambavyo dawa hizi hazivigusi. Kinachokuwa sugu ni bakteria, si mwili. Nchi za Afrika Mashariki hazikuwamo katika utafiti huo, na ni wazi kwamba Kiswahili hakikuyazaa makosa haya. Hata hivyo, istilahi ya Kiswahili inaweza kuyapunguza au kuyaongeza. Hilo ndilo linalohakikiwa hapa.

2.0 Majina Matatu katika Sentensi Moja

Njia nyepesi ya kuyapima majina haya ni kuyaweka katika sentensi ambayo kipeperushi chochote kuhusu dawa hizi hakina budi kuibeba. Toleo la kwanza ni hili: Antibaiotiki haitibu mafua. Sentensi ni fupi na haina utata wa kisarufi. Msomaji anayelijua neno huipokea. Asiyelijua hukwama, lakini hakwami katika kosa. Neno halimpi picha yoyote, kwa hiyo halimdanganyi. Udhaifu wake ni kwamba linamtaka aamini tu. Halimpi sababu ya mafua kutotibika kwa dawa hiyo, na kesho akisikia kwamba koo linauma hatakuwa na pa kuanzia.

Toleo la pili ni: Kiuavijasumu hakitibu mafua. Hapa tatizo ni la aina nyingine. Neno lina uwazi, na uwazi huo ndio unaopotosha. Kijasumu hutumika kwa mapana, kwa kiumbe chochote kidogo mno kinacholeta ugonjwa. Msomaji makini hujenga hoja yake hivi: mafua huletwa na vijasumu, dawa hii huua vijasumu, basi dawa hii inatibu mafua. Sentensi ya kipeperushi inamkana, lakini jina la dawa linamuunga mkono. Kati ya sentensi aliyoisoma mara moja na jina analolisikia kila siku, jina lina nafasi kubwa zaidi ya kushinda. Juu ya hayo, sauti ya sumu ndani ya neno humwelekeza msomaji mwingine kwenye dawa ya kuondoa sumu mwilini, jambo lisilohusika kabisa.

Toleo la tatu ni: Dawa ya kuua bakteria haitibu mafua, kwa sababu mafua husababishwa na virusi. Sentensi imerefuka, lakini jina na sababu sasa vinasaidiana. Hata msomaji asiyejua bakteria ni nini hutambua kwamba bakteria na virusi ni vitu viwili, na kwamba dawa inayoua kimoja si lazima iue kingine. Tofauti hiyo ndiyo maarifa yenyewe.

3.0 Je, Tatizo ni Uundaji wa Maneno?

Itakuwa haraka kuhitimisha kwamba uundaji umeshindwa. Muundo wa kiua- pamoja na jina la kinachouawa ni mojawapo ya miundo iliyofanikiwa zaidi katika istilahi za kilimo. Kiuagugu na kiuakuvu ni maneno yanayofanya kazi vizuri, kwa sababu mkulima anayajua magugu na kuvu kwa macho, na jina la dawa linamwambia inaua nini na, kwa hiyo, haiui nini. Anayemwagia kuvu kiuagugu anajua amekosea.

Kasoro ya kiuavijasumu, basi, haiko katika kiua-. Iko katika kijazo chake. Waundaji walichagua neno lenye sura ya Kiswahili badala ya neno lenye mpaka sahihi. Umbo kama kiuabakteria lingetunza muundo uleule na kurejesha mpaka uliopotea, ijapokuwa nusu yake ni neno la mkopo. Kwa mtazamo wa asili ya neno, umbo hilo ni chotara. Kwa mtazamo wa mgonjwa, ni sahihi zaidi.

Ukopaji nao si ushahidi wa uvivu. Neno dozi ni mfano mzuri. Kiswahili kilikuwa na kipimo, na kisarufi lingefaa. Lakini hospitalini kipimo tayari ni uchunguzi wa damu, mkojo au makohozi. Kumwambia mgonjwa amalize kipimo kungemrudisha maabara, ilhali maliza dozi haina tafsiri nyingine. Neno la mkopo lilishinda kwa sababu lilifika likiwa halina kazi nyingine.

Maelezo mafupi pia huweza kukomaa na kuwa istilahi kamili. Dawa za UKIMWI huitwa dawa za kufubaza virusi. Kitenzi kufubaza, kinachobeba wazo la kufifisha, kilichaguliwa badala ya kuua au kutibu. Ndani yake mna onyo: virusi vimedhoofishwa, havijaondoka, kwa hiyo dawa haiachwi. Hakuna neno la mkopo ambalo lingelibeba onyo hilo. UKIMWI lenyewe ni maelezo, upungufu wa kinga mwilini, yaliyofupishwa hadi yakawa neno. Urefu wa maelezo, kwa hiyo, si hoja ya kudumu dhidi yake.

4.0 Usugu wa Nani?

Kosa la pili katika utafiti uliotajwa, la kudhani kwamba mwili ndio unaozoea dawa, linaonyesha jinsi kosa linavyoweza kukaa katika muundo wa kirai badala ya neno. Usugu ni neno zuri la Kiswahili. Lakini usugu wa dawa ni kirai chenye mlango wazi: huweza kusomwa kwamba dawa yenyewe imekuwa sugu, au kwamba kuna mtu ambaye dawa haimwingii. Kihusishi wa kinaunganisha bila kusema nani anamkinza nani. Mgonjwa anayeamini kwamba mwili wake ndio uliozoea dawa huona suluhisho rahisi: abadilishe dawa, au amwachie jirani vidonge vilivyobaki, kwa kuwa mwili wa jirani haujavizoea.

Kirai usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambacho nchini Tanzania kimefupishwa kuwa UVIDA, kinaufunga mlango huo. Mtenda ametajwa, na dhidi ya inaonyesha mwelekeo wa ukinzani. Maneno yameongezeka, lakini kila moja linazuia kosa linalojulikana.

5.0 Mipaka ya Maelezo, na Suala la Mipaka ya Nchi

Maelezo nayo yana mipaka. Dawa ya kuua bakteria si sahihi kwa ukamilifu: doksisiklini, kwa mfano, kwa kawaida huzuia bakteria wasizaliane, na kinga ya mwili ndiyo inayomaliza kazi. Katika kipeperushi, ulegevu huu haumdhuru msomaji, kwa sababu haubadilishi atakachofanya. Katika kitabu cha wanafunzi wa ufamasia, ambapo kuua na kuzuia kuzaliana ni makundi mawili, ulegevu huo haukubaliki. Aidha, maelezo yakirudiwa mara ishirini katika kurasa mbili humchosha msomaji, naye huanza kuyaruka.

Neno la mkopo lina tatizo lake la kikanda. Wazungumzaji wa Kenya, Uganda na Tanzania huelekea kutamka antibaiotiki kwa kufuata Kiingereza. Kwa wale wa Burundi na Kongo, ambako taaluma ya tiba imefundishwa kwa Kifaransa, antibiotiki ndiyo inayosikika karibu zaidi na wanachokijua. Hivyo, njia inayodhaniwa kuwa ya kimataifa inaleta maumbo mawili ndani ya lugha moja. Maelezo hayana tatizo hilo kwa kiwango hichohicho: dawa ya kuua bakteria husomeka Bujumbura kama inavyosomeka Tanga.

6.0 Hitimisho

Hoja iliyojengwa hapa haizipi njia tatu daraja la kudumu. Kwa kundi hili la dawa, inapendekezwa kwamba neno la mkopo litumike kama jina, likiambatanishwa na maelezo mara ya kwanza linapotajwa na tena katika kila sentensi ambayo uamuzi wa mgonjwa unaitegemea. Kiuavijasumu lisiendelezwe katika matini za afya.

Upimaji wa istilahi nao unahitaji kubadilika. Tafsiri ya kurudisha haiwezi kulibaini kosa la kiuavijasumu: mtafsiri aliyesoma kamusi atalirudisha kwenye neno lilelile la Kiingereza na kuandika kwamba ulinganifu umepatikana. Kumuuliza msomaji kama amelielewa neno pia hakutoshi, kwa kuwa aliyelielewa vibaya atajibu ndiyo. Swali lenye faida ni moja: baada ya kusoma, mtoto wako akipata mafua kesho utafanya nini? Jibu la mama ndilo hukumu ya istilahi.